Mlenda ulipikwa na mama mwenye nyumba: kukagua sentensi ya kutendwa

Mwanafunzi wa Kiswahili aliyepanga chumba Dodoma anakuletea daftari. Ameandika mstari mmoja: “Mlenda ulipikwa na mama mwenye nyumba.” Anataka umwambie kama amepatia au amekosea.

Amepatia. Shida ni kwamba baada ya kumwambia hivyo atauliza kwa nini, na wengi wetu tuliokua na lugha hii tunajua kwa sikio tu. Kesho yake atabadilisha neno moja, sentensi itagoma, nawe utasema “hatusemi hivyo” bila kumwonyesha kilipoharibika. Maelezo haya ni ya mtu anayekagua. Tutaishika sentensi hiyohiyo ya mlenda, kwanza tuone kwa nini imesimama, kisha tuivunje kwa namna ambazo wanafunzi huivunja.

Kwanza, hakikisha nzima ni nzima

Kitenzi kikifunguliwa kinatoa vipande vitano: u-li-pik-w-a. *U* ni ya mlenda, maana mlenda uko kwenye ngeli ya mti na mkate. *Li* ni wakati uliopita. *Pik* ndiyo mzizi. *W* ndiyo inayogeuza mambo, yaani anayetajwa mwanzo si mpikaji tena bali kilichopikwa. *A* inafunga. Baada ya kitenzi ndipo inakuja *na*, ikimleta aliyefanya kazi.

Majaribio ni matatu, na yanatosha kwa sentensi nyingi. La kwanza, igeuze irudi kwenye kutenda: “Mama mwenye nyumba alipika mlenda.” Tukio limebaki lilelile, mpikaji ni yuleyule, sufuria ni ileile. La pili, kata mkia: “Mlenda ulipikwa.” Kipande kilichobaki kinajitegemea, hakuna aliyeachwa akining’inia. La tatu, uliza “ulipikwa na nani?” na usikilize kama jibu lililomo kwenye sentensi linalijibu swali hilo. Sentensi ikipita yote matatu, weka alama ya vema.

Jaribio la kugeuza ndilo lenye nguvu kuliko mengine, kwa sababu linakamata *na* isiyokuwa ya mtenda. Chukua hii: “Mlenda ulichanganywa na karanga.” Ni Kiswahili safi, na kwa mlenda wa Kigogo ni jambo la kawaida. Lakini igeuze: “Karanga zilichanganya mlenda.” Hapana, karanga hazishiki mwiko. *Na* hiyo ni ya pamoja, ni sawa na ile ya “chai na maziwa”. Mwanafunzi akiiona *na* baada ya *-w-* huwa anadhani kila mara inamleta mfanyaji, na hapo anaweza kusoma sentensi nzuri akaielewa vibaya. Mwambie ageuze kwanza.

Dalili: watu wanacheka

Mwanafunzi anataka kusema kwamba alifanyiwa wema, akaandika: “Nilipikwa mlenda na mama mwenye nyumba.” Mezani wote wanacheka, na yeye hajui kosa. Anaikagua sarufi yake: *ni* ipo, *li* ipo, *w* ipo, *na* ipo. Kila kitu kipo, ila kwa maneno hayo aliyeingia chunguni ni yeye.

Chanzo ni irabu moja iliyokosekana. *Pikwa* ni ya kitu kinachopata moto. Mtu anayepikiwa anahitaji kauli ya kutendea kwanza, pika iwe pikia, ndipo *w* ipachikwe: pikiwa. Tiba ni “Nilipikiwa mlenda na mama mwenye nyumba.” Geuza uhakikishe: “Mama mwenye nyumba alinipikia mlenda.” Hiyo *ni* iliyokuwa katikati ya *alinipikia* ndiyo imepanda mbele ikawa mwanzo wa *nilipikiwa*.

Irabu inayoongezwa hufuata irabu ya mzizi. Mzizi wenye *a*, *i* au *u* unachukua *i*: kata, katiwa, pika, pikiwa, funga, fungiwa. Wenye *e* au *o* unachukua *e*: leta, letewa, soma, somewa. Kwa hiyo barua inasomwa, lakini bibi asiyeona vizuri anasomewa barua.

Jozi ambayo humsaidia mwanafunzi kushika tofauti hii upesi ni ibwa na ibiwa. Ukipoteza simu stendi sema “Nimeibiwa simu.” Ukisema “Nimeibwa,” aliyebebwa na wezi ni wewe mwenyewe, na anayekusikiliza atashangaa unaongeaje naye.

Sasa tahadhari, maana hapa lugha yenyewe inamfanyia mwanafunzi mchezo. Kuna vitenzi ambavyo kutendwa na kutendewa vinafanana herufi kwa herufi. Nunua inakuwa nunuliwa. Nunulia nayo inakuwa nunuliwa. “Mlenda ulinunuliwa na mama” na “Mgeni alinunuliwa mlenda na mama” zote ni sahihi, ingawa kitenzi ni kimoja na maana ni mbili. Kinachotofautisha ni jina linalosimama baada ya kitenzi. Kwenye sentensi ya pili mlenda upo pale, ndio ulionunuliwa, na mgeni ni wa kupokea tu. Ukiufuta mlenda, “Mgeni alinunuliwa na mama,” umemuuza mgeni kama mbuzi wa mnadani. Hali ni ileile kwa fungua: “Mgeni alifunguliwa mlango” ni ukarimu, “Mgeni alifunguliwa” inaashiria alikuwa amefungwa kamba. Kwa vitenzi vya aina hii usimwambie mwanafunzi aongeze irabu, kwa kuwa hakuna pa kuiongeza. Mwambie asidondoshe jina la kitu.

Dalili: kitenzi kimeandikwa, lakini sikio halisikii kutendwa

“Zabibu zilinunuwa na mama mwenye nyumba.” Mwanafunzi amefuata kanuni aliyopewa, kwamba weka *w* kabla ya *a* ya mwisho. Kanuni imemwangusha kwa sababu mzizi wa nunua unaishia kwenye irabu.

Tamka nunua polepole. Ulimi ukitoka kwenye *u* kwenda kwenye *a* unapitia *w* wenyewe, utake usitake. Ndiyo sababu watu wengi hukosea wakaandika “nunuwa”, “chukuwa”, “towa” wakiwa na maana ya kutenda tu. Kwa hiyo *w* ikiongezwa pale haisikiki. Nunua na “nunuwa” ni sauti moja, na msikilizaji anaelewa kwamba zabibu ndizo zilizokwenda sokoni. Lugha inalitatua hilo kwa kuweka *l* na irabu kabla ya *w*. Hiyo *l* si ngeni, ni sauti ya zamani iliyokuwa kwenye mizizi hii ikapotea katika kauli ya kutenda, nayo hujitokeza tena kitenzi kinaponyambuliwa. Basi: nunua, nunuliwa; chukua, chukuliwa; pakua, pakuliwa; vaa, valiwa. Kukiwa na *e* au *o* inakuwa *-lew-*: pokea, pokelewa, toa, tolewa, ondoa, ondolewa.

Vitenzi vinavyoishia na *-ia* haviisumbui *w*, kwa kuwa baada ya *i* inasikika vizuri. Tia inakuwa tiwa, ambia inakuwa ambiwa, tumia inakuwa tumiwa. “Chumvi ilitiwa na mtoto” imekamilika, usiruhusu “tiliwa”. Vivyo hivyo kwa letea, ambayo imetoka kwenye leta: inakuwa letewa, bila *l*.

Maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu, yale yasiyoishia na *a*, yana njia yao fupi. *U* ya mwisho inaondoka na *-iwa* inaingia: jibu, jibiwa, haribu, haribiwa, hesabu, hesabiwa. Ya *i* na *e* yanapokea *-wa* moja kwa moja: badili, badiliwa, samehe, samehewa. Ya *-au* yanadai *l*: sahau, sahauliwa. Mwanafunzi akiandika “jibuwa” au “sahauwa”, ujue amebandika *w* bila kutazama mwisho wa neno.

Kimoja hakina budi kukaririwa. Ua, kwa maana ya kutoa uhai, kinakuwa uawa: “Nyoka aliuawa na vijana.” Mwanafunzi anayefuata mfano wa nunua ataandika “aliuliwa”, na kwenye maandishi sanifu hilo lisahihishwe. Lisipishane pia na liwa ya kula. “Kuku aliuawa na kicheche” na “kuku aliliwa na kicheche” ni hatua mbili za msiba mmoja.

Dalili: “Mlenda ulikuliwa na watu wote”

Kosa hili linaonyesha mwanafunzi makini, kwa sababu limetokana na kanuni aliyoishika vizuri. Amefundishwa kwamba kula, kunywa, kuja na wenzao hawaiachi *ku* kwenye wakati uliopita: alikula, walikunywa. Akaipeleka *ku* hiyohiyo kwenye kutendwa.

Kazi ya *ku* pale ni kubeba mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwenye “a-li-la” mkazo ungeangukia *li* ya wakati, na *li* hiyo haibebi mkazo, ndipo *ku* huitwa kusaidia. Lakini *la* ikishakuwa *liwa* ina silabi mbili, mkazo una pa kukaa, na msaidizi anaenda zake. Kwa hiyo: “Mlenda uliliwa na watu wote.” Ndiyo, *li* mbili zimefuatana, ya kwanza ni ya wakati na ya pili ni ya kula, na mwanafunzi huifuta moja akidhani mkono umeteleza. Mwache aziandike zote mbili. Ni hivyohivyo kwa “maji yalinywewa” na “mgeni alipewa kiti”.

Angalia pia kwamba “Mlenda ulikula” haionekani kama kosa la tahajia. Ina maana kamili: mlenda ulikaa mezani ukala.

Dalili: anayefanya amekuwa mahali, na chombo kimekuwa mtu

Hapa tunakagua *na* dhidi ya *kwa*. Mwanafunzi ameandika “Mlenda ulipikwa kwa mama mwenye nyumba.” Sentensi inapita sikioni bila kugongana na kitu, na hiyo ndiyo hatari yake. Haikusema nani alipika. Imesema ulipikwa wapi: nyumbani kwa mama. Huenda aliyepika ni binti yake. Usiweke alama ya kosa kabla ya kumuuliza mwanafunzi alikusudia nini.

Upande wa pili: “Mlenda ulipikwa na kuni.” Jaribio la kugeuza linatoa “Kuni zilipika mlenda,” na hilo halisimami. Kuni ni nyenzo, nazo zinachukua *kwa*: “Mlenda ulipikwa kwa kuni.” Jembe, kalamu, mwiko, simu, vyote ni vya *kwa* maadamu kuna mkono unaovishika.

Lakini maneno “kuna mkono” ndiyo mzani wenyewe. Kitu kikimpata mtu bila mkono nyuma yake, kinapewa *na* kama mtenda. Alichomwa na mwiba, alikatwa na kioo, aligongwa na bodaboda, alipigwa na jua. Mvua, upepo, njaa, usingizi na radi viko kundi hilo pia: tunanyeshewa na mvua na kushikwa na usingizi. Linganisha mwiba na sindano. “Alichomwa na mwiba” njiani, hakuna aliyeushika. “Alichomwa sindano na nesi” zahanati, nesi ndiye mwenye *na*. Mwanafunzi anayefundishwa kwamba *na* ni ya watu na *kwa* ni ya vitu ataikataa sentensi ya mwiba bure. Mfundishe kuutafuta mkono.

Vikiwa pamoja, mpangilio una maana. “Mlenda ulipikwa kwa kuni na mama mwenye nyumba” haina kosa kisarufi, ila sikio linaweza kuunganisha “kuni na mama” kama vitu viwili vilivyotiwa jikoni. Mlete mtenda karibu na kitenzi: “Mlenda ulipikwa na mama mwenye nyumba kwa kuni.” Na usimruhusu aianzishe sentensi na *na*: “Na mama mlenda ulipikwa.” Msomaji ataisoma kama mwendelezo wa orodha.

*Na* vilevile haikai peke yake. Huwezi kuandika “mama ambaye mlenda ulipikwa na”. Lazima ishike kitu: naye, nami, nao. “Mama ambaye mlenda ulipikwa naye” ni sahihi, lakini ni mzigo; “mama aliyepika mlenda” inatosha na inapendeza zaidi.

Dalili: hakuna *w*, lakini *na* imeng’ang’ania

“Chungu kilivunjika na mtoto.” Mwanafunzi amechanganya vunjika na vunjwa, kwa sababu kwa lugha nyingi anazotoka hizo ni kitu kimoja. Kwetu zina mpaka. Vunjwa inajua kuna mvunjaji, hata asipotajwa. Vunjika inaangalia hali ya chungu tu, na haina nafasi ya mtenda. Ukiiongezea “na mtoto”, msikilizaji anajaribu kuielewa kwa maana ya pamoja: chungu kilivunjika, na mtoto pia. Tiba ni moja kati ya mbili: “Chungu kilivunjwa na mtoto,” au “Chungu kilivunjika,” nukta.

Haribika na haribiwa, mwagika na mwagwa, katika na katwa, ni mkondo huohuo. Utakutana na “anajulikana na wengi”, ambayo ni sawa ingawa haina *w*. Hiyo ni ya *-ikana*, nayo imejizoelea. Isiwe kibali cha kuruhusu “kilivunjika na”.

Kinyume chake kipo: *w* inaonekana na si ya kutendwa. Elewa, chelewa na nywa zina *w* hata zikiwa za kutenda. “Nimeelewa na mwalimu” haisemi kwamba mwalimu alinifundisha. Alitakiwa kuandika “Nimeeleweshwa na mwalimu.” Jaribio la kukata mkia halitamsaidia hapa, maana “Nimeelewa” inasimama vizuri. Jaribio la kugeuza ndilo linalomkamata: akiiondoa *w* anabaki na “elea”, na hayo ni mambo ya kwenye maji.

Dalili mbili ndogo

“Mlenda alipikwa na mama mwenye nyumba”: mwanafunzi amegeuza kitenzi akasahau kubadilisha kichwa chake. *A* ilikuwa ya mama. Mama amehamia nyuma, na mlenda unadai *u* yake. Ikiwa ni zabibu nyingi sema zilichumwa, ikiwa ni ugali sema ulisongwa. Vikiwa viwili vya ngeli tofauti, tumia *vi*: “Mlenda na ugali vilipikwa na mama.”

“Mlenda uliupikwa”: ameacha *u* ya mtendwa katikati. Kwenye “mama aliupika” ilikuwa na kazi. Mlenda ukishapanda mbele, haiwezi kuwa sehemu mbili. Ifutwe.

Dalili: hakuna kosa, lakini haisikiki kama ya hapa

Hii ndiyo ngumu kumweleza. Mwanafunzi ameandika ukurasa mzima wa sentensi za *-w-* na *na*, zote zimepita majaribio matatu, na bado ukurasa unasomeka kama tangazo la serikali. “Mlango ulifunguliwa na mimi. Chai ilinywewa na mimi. Kitabu kilisomwa na mimi.”

Sababu ni kwamba Kiswahili kina njia nyingine ya kutanguliza kitu bila kugusa kauli. Unakiweka kitu mbele, unamwachia mtenda kitenzi chake, na unaacha kiwakilishi cha kitu katikati: “Mlenda kaupika mama mwenye nyumba.” Ile *u* katikati ya *kaupika* inamwambia msikilizaji kwamba mlenda si mpikaji ingawa umetangulia. Mezani, mtu akionja akashangaa, atauliza “Huu mlenda kaupika nani?” na si “Mlenda huu umepikwa na nani?” ingawa hili la pili nalo halina kosa. La kwanza ni la mdomoni. La pili linakaa vizuri kwenye maandishi.

Kutendwa pamoja na *na* kunakaa vizuri zaidi mtu anapofikwa na jambo: aliumwa na nyoka, alifukuzwa na mbwa, amelazwa na daktari. Kwenye habari pia, ambako kinachofanywa ndicho kiini: “Muswada umepitishwa na Bunge.” Kama mtenda hajulikani au anajulikana na kila mtu, *na* iachwe kabisa. “Nimeibiwa simu” haihitaji “na mwizi”. Na *na mimi*, kwenye simulizi la kawaida, karibu kila mara ni dalili kwamba sentensi ilitakiwa kuanza na *ni*: nilifungua, nilikunywa, nilisoma.

Kukagua aya nzima

Hii hapa aya ya mwanafunzi, kama ingekufikia:

“Jumamosi nilipelekwa sokoni Majengo na mama mwenye nyumba. Zabibu zilinunuwa naye. Jioni nilipikwa mlenda na yeye. Mlenda ulikuliwa na watu wote. Sahani moja ilivunjika na mtoto.”

Sentensi ya kwanza iache. Peleka inaishia na konsonanti kabla ya *a*, pelekwa imetimia, na geuzo lake, “Mama mwenye nyumba alinipeleka sokoni,” halina doa. Aliyefikwa na safari ni msimulizi, kwa hiyo kutendwa kunafaa.

Ya pili ina kasoro kwenye mzizi: zilinunuliwa. *Naye* ni sahihi. Ila kwa kuwa mama ametoka kutajwa sasa hivi, “Akanunua zabibu” ingeteleza zaidi. Mwandikie zote mbili, umweleze kwamba ya kwanza ni tiba ya kosa na ya pili ni ushauri tu. Akizichanganya hizo mbili ataanza kuogopa kutendwa hata panapostahili.

Ya tatu ni ya chunguni: nilipikiwa mlenda. “Na yeye” inakubalika kwenye mazungumzo, kwenye maandishi iwe “naye”. Ya nne, toa *ku*: uliliwa.

Ya tano usiisahihishe kabla ya kuuliza. Kama mtoto aliishika sahani ikamponyoka na mwanafunzi anataka ijulikane, ni “Sahani moja ilivunjwa na mtoto.” Kama hataki mtoto agombezwe, aandike “Sahani moja ilivunjika,” afunge daftari.